Muda wa simu na TV kwa mtoto wa shule: jinsi ya kumaliza ugomvi wa kila jioni

Mama, huenda jioni kwako inakuwa hivi: unasema "zima sasa," mtoto anajibu "dakika tano tu." Dakika tano zinakwisha, anaomba nyingine. Mwishowe unapokonya simu, yeye analia, na wewe umeshakasirika.

Mara nyingi tatizo ni namna muda unavyokwisha, hata pale ambapo muda wenyewe si mrefu.

Kwa nini mtoto anabishana

Kuna sababu mbili kubwa. Ya kwanza, unamkatisha katikati. Mtoto aliye kwenye raundi ya gemu au nusu ya katuni anaona amenyang'anywa kitu ambacho hakijaisha. Na siku hizi video haziishi, kwa sababu moja ikikwisha nyingine inaanza yenyewe.

Ya pili, kubishana kunamlipa. Ukikataa mara nne, ya tano ukakubali kwa sababu umechoka, mtoto anajifunza kwamba lazima aombe mara tano. Kukubali siku moja moja ndiko kunakomfanya asikate tamaa.

Anza na usingizi

Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12 kwa usiku mmoja. Kama wako anaamka saa kumi na mbili asubuhi, lazima awe amelala saa tatu usiku au mapema zaidi. Mwanga wa simu na msisimko wa gemu huchelewesha usingizi, kwa hiyo kila kioo kizimwe angalau saa moja kabla, yaani saa mbili usiku. Toa pia muda wa kazi za shule, kazi ndogo za nyumbani na saa moja ya kukimbia na kucheza nje. Kinachobaki ndicho unachoweza kumpa. Kwa familia nyingi, siku za shule hubaki kama saa moja.

Mfano wa nyumba moja

Mama mmoja niliyemtembelea ana mtoto wa miaka 9 anayetumia simu yake akirudi kutoka gengeni. Nilimwomba aangalie kwa siku tatu ugomvi unaanza wapi. Aligundua kwamba hakuna siku ulioanza mwanzoni. Ulianza wakati wa kuzima, na kila siku yeye mwenyewe alikuwa ameongeza muda zaidi ya mara moja.

Tulipanga hivi:

1. Walizungumza Jumapili asubuhi, simu ikiwa haipo mkononi mwa mtoto. Mtoto alichagua katuni, mama akaamua idadi.
2. Walihesabu katuni badala ya dakika. Katuni tatu za dakika 20, kuanzia saa kumi na moja jioni, baada ya mama kukagua daftari. Kwa gemu ingekuwa idadi ya raundi.
3. Walizuia video kujiendeleza. Kwenye YouTube, gusa video inayocheza, kisha zima kitufe kidogo cha kucheza kiotomatiki kilicho juu yake.
4. Ya tatu ikianza, mama anasema: "Hii ndiyo ya mwisho, halafu unaoga." Ikiisha, mtoto mwenyewe anaweka simu juu ya kabati.
5. Akikataa kuirudisha, kesho hakuna simu. Alielezwa mapema. Mama hampigi wala hamhubirii. Anachukua simu na kuendelea na kazi zake.

Siku ya kwanza mtoto alilia. Ya pili alimfuata mama hadi jikoni akiomba. Ya tatu alimwendea bibi, naye bibi akampa simu yake. Ilibidi mama akae na bibi wakubaliane, ndipo hesabu ikaanza upya. Wiki ya pili alikuwa ananung'unika kidogo tu, kisha anakwenda kuoga.

Jiandae kwa hilo: siku za mwanzo kelele huongezeka kabla ya kupungua. Mtoto anajaribu kama njia ya zamani bado inafanya kazi. Ukikubali siku ya tatu, umemfundisha kulia zaidi.

Na wewe pia weka simu chini wakati wa chakula. Mtoto hukuangalia kabla ya kukusikiliza.

Lini uje kliniki

Njoo na mtoto kama baada ya wiki tatu hadi nne za utaratibu usiobadilika bado halali vizuri, anaamka usiku kutafuta simu, ameacha kucheza na wenzake, anaumwa kichwa mara kwa mara, au anasogelea sana TV ili aone. Njoo mapema zaidi ukihisi ameona au kutumiwa kitu kibaya kwenye simu. Hapo usianze kwa kumwadhibu, maana akiogopa atakuficha.