Askari Anayepenya Kona ya Ukuta

Katika michezo ya mbinu za vita, askari husogea mraba hadi mraba. Tuseme yuko (2,2) na anataka kwenda (3,3), kimshazari. Miraba ya (3,2) na (2,3) ina kuta zinazogusana kwenye kona.

Programu ikikagua mraba anaokwenda tu, itauona uko wazi na kumpitisha. Ngome iliyoonekana imefungwa inavuja!

Dawa ni kukagua pia miraba miwili ya pembeni. Kanuni kali humzuia hata mmoja tu ukiwa na ukuta. Kanuni legevu humzuia pale tu yote miwili inapozibwa.

Dungeons & Dragons, katika kanuni za 2014, ilichagua ukali: mwendo wa mshazari haukati kona ya ukuta. Sataranji huruhusu: kete ya mshazari hupita katikati ya kete mbili zinazogusana kwenye kona.