Barua ya fildi kwa ofisi ya watu wanne

Ofisi ndogo ya uhasibu haina idara ya utumishi. Ina mhasibu mwenye ofisi, wasaidizi wawili watatu, makabati ya mafaili ya wateja na simu isiyonyamaza. Barua ya mwanafunzi anayeomba mafunzo kwa vitendo, au fildi kama inavyoitwa vyuoni, ikifika hapo anaisoma mwenye ofisi mwenyewe, mara nyingi kwenye simu, huku ritani ya mteja ikimsubiri mezani. Anataka kujua mambo mawili: huyu kijana nimpe kazi gani, na atakuwepo lini?

Barua nyingi hazimjibu. Zinaanza na "Husika na kichwa cha habari hapo juu", zinaimwagia sifa kampuni ambayo mwandishi hajui inahudumia wateja wa aina gani, kisha zinaomba "nafasi yoyote itakayopatikana". Kwenye shirika kubwa, ambako nafasi za wanafunzi zimekwisha kutengwa tangu mapema, barua ya namna hiyo huweza kupita. Kwenye ofisi ya watu wanne hakuna nafasi iliyotengwa. Mwombaji ndiye anayepaswa kumwonesha mwenye ofisi kwamba ipo.

Ili aioneshe, lazima aijue kalenda ya ofisi hizo. Nchini Tanzania kalenda hiyo inafuata tarehe za TRA. Kodi inayokatwa kwenye mishahara hulipwa ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha, na ritani ya VAT huwasilishwa tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mteja anayefunga hesabu zake Desemba hupewa miezi sita kuwasilisha ritani ya mwaka, kwa hiyo Juni 30 ni siku ambayo mhasibu hataki mgeni. Katikati ya tarehe hizo kazi hupungua, na hapo ndipo mtu hupata nafasi ya kumfundisha mwingine.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa shahada ya uhasibu, anayesoma Dodoma na ambaye kwao ni Mwanza. Mitihani yake inaisha mapema Julai. Ameipata ofisi anayoitaka katika orodha ya NBAA, bodi inayosajili wahasibu na wakaguzi wa hesabu, kwa hiyo barua yake inamtaja mwenye ofisi kwa jina na haimwiti "Mkurugenzi" wa kubahatisha. Chini ya YAH: MAOMBI YA MAFUNZO KWA VITENDO, 13 JULAI – 4 SEPTEMBA 2026, anaandika hivi:

"Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa shahada ya uhasibu. Naomba kufanya mafunzo kwa vitendo katika ofisi yako kwa wiki nane, kuanzia Jumatatu 13 Julai hadi Ijumaa 4 Septemba 2026, siku tano kwa wiki. Alhamisi 30 na Ijumaa 31 Julai sitakuwepo, kwa kuwa nitakuwa chuoni kuwasilisha utafiti wangu.

Naweza kulinganisha taarifa ya benki na daftari la fedha kwa kutumia Excel, na kuandika maelezo ya kila tofauti. Naweza kupanga risiti za EFD kwa mwezi, kuziingiza kwenye jedwali, na kuweka kando zile zisizo na TIN ya mnunuzi. QuickBooks nimeitumia darasani kwa muhula mmoja: kuingiza ankara na malipo najua, kufunga hesabu za mwaka bado. Ritani sijawahi kuandaa.

Nitakaa nyumbani kwetu Nyegezi na nina kompyuta yangu. Chuo kinahitaji mtu mmoja wa ofisini atakayesaini kitabu changu cha kumbukumbu kila wiki. Nimeambatisha barua ya utambulisho ya chuo, matokeo ya mihula mitano na wasifu wa ukurasa mmoja."

Barua imeishia hapo, na mhasibu ameshapata mengi. Hizo risiti zisizo na TIN ni kero anayoijua vizuri: mteja aliyesajiliwa VAT ananunua mzigo, anapewa risiti isiyo na utambulisho wake, kisha anataka kodi aliyolipa irudishwe kwenye hesabu. Mtu wa kuzichambua mapema, kabla tarehe 20 haijabisha hodi, anampunguzia usiku kadhaa. Vivyo hivyo kwa benki. Aliyeandika tu "nina ujuzi wa Excel" hajasema kitu, lakini anayeahidi maelezo ya kila tofauti anajua kwamba tofauti hizo zina sababu: hundi ambayo aliyelipwa hajaipeleka benki, au makato ya benki ambayo hakuna aliyeyaandika kwenye daftari.

Kukiri kwamba hajawahi kuandaa ritani hakumharibii. Waombaji wengi huogopa sentensi ya namna hiyo na kujaza wasifu kwa majina ya programu walizozifungua mara moja. Mhasibu atagundua siku ya kwanza, tena pengine kwenye faili la mteja. Akiambiwa mapema, anajua amwanzie wapi na asimwachie nini.

Utamu wa barua hii, hata hivyo, uko kwenye tarehe. Kati ya 13 Julai na 4 Septemba mwanafunzi atakutana na ritani za VAT mara mbili, 20 Julai na 20 Agosti, na kodi ya mishahara mara moja, 7 Agosti. Siku mbili atakazokosekana zinaangukia kati ya tarehe 20 na tarehe 7, wakati ofisi imetulia kidogo. Na msomaji makini ataona kitu kingine: anaondoka Ijumaa 4 Septemba, wakati kodi ya mishahara ya Agosti inadaiwa Jumatatu inayofuata. Mhasibu anaweza kumwomba aongeze siku hiyo moja. Mazungumzo kama hayo hayawezi kuanza kwa mtu aliyeandika "muda wowote kuanzia Julai".

Yapo mambo ambayo kalenda ya chuo inaweza kuvuruga. Mwenye somo la kurudia, yaani sapu, aeleze kwamba huenda akahitajika chuoni na aseme wiki gani, kama chuo kimeshaitangaza. Kuhusu fedha, mnufaika wa mkopo ambaye mafunzo kwa vitendo yamo kwenye mtaala wake aangalie kama HESLB imempangia fedha za fildi, ambazo hutolewa kwa siku zisizozidi 56, yaani wiki nane. Asiye nazo na anayehitaji nauli ya daladala aiombe waziwazi. Ofisi ndogo huweza kumudu nauli, ila haipendi kushtukizwa nayo wiki ya pili.

Siku ya kuituma nayo ina uzito wake. Kwa fildi ya Julai, barua iende Mei, baada ya tarehe 7 na kabla ya 15, ikiwa faili moja la PDF lenye jina la mwombaji. Picha ya karatasi iliyopigwa kwa simu na kurushwa WhatsApp haisomeki vizuri, na viambatisho vitano vilivyotumwa kimoja kimoja hupoteana. Wengi huandika kwa Kiingereza kwa kuwa ndicho walichosomea. Si kosa, ingawa barua ya Kiswahili safi haimkwazi mhasibu anayeongea Kiswahili na wateja wake kutwa nzima.

Wiki moja ikipita kimya, apige simu asubuhi, ajitaje, ataje tarehe ya barua, kisha aulize kama wiki hizo nane zinafaa au zisogezwe. Akikubaliwa kwa mdomo, aombe jibu la maandishi lenye tarehe zilizokubaliwa na jina la atakayemsimamia. Bila karatasi hiyo chuo hakitajua msimamizi wake amfuate wapi, na wiki nane za kazi zinaweza kukosa alama.