“Run” na Mtoto Aliyemkimbia Mama Yake

Katika semina yetu ya tafsiri mwenzetu mmoja alisoma hivi: “Mama alikuwa akikimbiza duka dogo. Siku hiyo alikuwa amemaliza sukari. Mtoto akamkimbia mama yake huku pua yake ikikimbia.” Darasa zima likaangua kicheko. Lakini tulipoulizwa tusahihishe, kila mtu akawa na lake, na saa ikaisha hatujaelewana. Matini ya Kiingereza ilikuwa na kitenzi kimoja tu, “run”, mara nne.

Tuanze na mtoto. Kumkimbia mtu ni kumtoroka. Mke aliyemkimbia mumewe hatumtarajii jioni. Anayekwenda mbio kwa mtu, hasa akitafuta msaada, humkimbilia. Tofauti ni silabi moja tu ya kauli ya kutendea, lakini hadithi nzima imegeuka: mtoto aliyetafuta kifua cha mama sasa anamwogopa. Mhakiki asiyejua Kiingereza akiipata tafsiri hiyo, si atatuandikia kurasa tatu juu ya ukatili wa wazazi!

Pua nayo? Kwa Kiswahili pua haiendi popote. Tunasema mtoto anatokwa na kamasi, kama tunavyosema anatokwa na jasho, damu au machozi. Hapa pana jambo ambalo kamusi haituambii waziwazi. Kitenzi “toka” hakina shamirisho, na bado kinaingia katika kauli ya kutendwa, ili yule anayepatwa na jambo akae mwanzoni mwa sentensi. Mtoto hafanyi kitu, kinamtokea. Ndiyo maana “mtoto anatoa kamasi” inatukwaza kidogo, maana inamfanya aonekane kama amekusudia, labda anapenga.

Ukishaliona hilo, kosa la sukari linajitokeza lenyewe, nalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote, ingawa hakuna aliyelicheka. “Amemaliza sukari” ni sentensi safi kisarufi. Ila anayemaliza ana mkono wake ndani ya jambo: ameitumia yote, pengine kwa uroho au kwa kutopanga. Kiingereza hapo hakimlaumu mtu. Kiswahili kinacho kitenzi kwa ajili hiyo: ameishiwa sukari. Sukari imekwisha, imemwishia, yeye ameishiwa. Ni mpango uleule wa “kutokwa”, mwathirika mbele, lawama hakuna. Katika hadithi inayohusu umaskini, kuchagua “kumaliza” badala ya “kuishiwa” ni kumhukumu mhusika ambaye mwandishi hakumhukumu.

Kwa hiyo kabla ya kufungua kamusi mimi hujiuliza: huyu anatenda, au anatendewa? Swali hili halitatui yote. Yako mambo yanayokwenda yenyewe, na hapo tunaangalia ni kitu gani kinachokwenda. Maji ya bomba yanatoka, ya mtoni yanatiririka, khanga inachuja rangi, basi la Jumapili haliendi. Gari linaweza kukimbia, ndiyo, lakini hapo tunasifu (au tunaogopa) mwendo wake tu. Mtu anayetaka udiwani, Kiingereza humpa mbio. Sisi tunasema anagombea, neno lenye ugomvi ndani yake, na Wakenya husema pia anawania kiti.

Limebaki duka, na hapa ndipo tuliposhindwana. “Kukimbiza” tuliitupa mara moja, maana mama hafukuzi duka. Wengi walitaka “kuendesha”. Neno hili limezoeleka, tunaendesha semina, miradi na hata programu za kompyuta, na sina ugomvi nalo huko. Lakini kwa kibanda chenye chumvi, viberiti na mafuta ya taa, linanukia ripoti ya mradi. Mtaani husikii hivyo. Utasikia “anauza duka”, maana yake ndiye anayekaa humo na kuhudumia wateja, na mara nyingi duka ni la mtu mwingine. Tatizo ni kwamba msomaji asiyeuzoea usemi huo atadhani duka lenyewe linauzwa. Mwenye mali tunasema tu “ana duka”. Kwa hiyo Kiswahili kinatulazimisha kuamua jambo ambalo Kiingereza kimelifunika: duka ni la nani? Ilinibidi nirudi kwenye matini. Aya mbili mbele mama analalamika kuhusu kodi ya pango bila kumtaja tajiri yeyote, nikaamua ni lake:

“Mama alikuwa na kiduka. Siku hiyo alikuwa ameishiwa sukari. Mtoto akamkimbilia huku akitokwa na kamasi.”

Mwenzetu bado ananibishia hapo kwenye duka. Anasema “alikuwa na kiduka” haionyeshi kazi, kwamba mama huyu anaamka alfajiri na kusimama kutwa. Amependekeza “alikuwa akiuza kiduka chake”. Ukiisoma kwa sauti inakwenda vizuri, lakini mimi kila nikiisoma namwona mnunuzi mlangoni.