Alama za vidole kwenye glasi: ziondoe kabla picha haijamfikia mteja

Mteja anayeagiza kwa simu hanusi tangawizi wala haonji biskuti. Anachokiona ni picha tu. Akikuta alama ya kidole kwenye glasi au chengachenga pembeni mwa sahani, anaanza kujiuliza kuhusu usafi wa jiko lenyewe.

Chukulia mama anayefanya biashara ndogo nyumbani, Same mjini. Tangawizi yake inashuka kutoka Mamba Miamba, huko milima ya Upare. Anatengeneza juisi na biskuti, kisha anaweka picha WhatsApp ili watu waagize. Leo watoto wamemsaidia kupanga meza, kwa hiyo kila chombo kimeshikwa.

Kazi kubwa anaifanya kabla ya kushika simu. Alama ya kidole ni jasho na mafuta ya ngozi, ndiyo maana kuifuta kwa maji matupu huitandaza tu na kuacha ukungu. Glasi ioshwe kwa maji ya moto na sabuni, isuuzwe vizuri, kisha ikaushwe papo hapo. Ikiachwa ijikaushe yenyewe, maji yenye chumvichumvi huacha madoa meupe. Madoa hayo hayatoki kwa sabuni. Dawa yake ni kuiloweka glasi kama dakika 15 kwenye siki nyeupe iliyochanganywa na maji kwa kiasi sawa, kisha kuisuuza.

Kitambaa cha kukaushia kisitoe nyuzi. Fulana kuukuu ya pamba iliyofuliwa inafaa kuliko taulo. Kuanzia hapo glasi isishikwe tena kwa mkono mtupu, bali kwa kitambaa hicho hicho. Ili kuhakikisha imetakata, mama anaisogeza karibu na dirisha, mwanga ukiingia kwa ubavuni, na kuweka khanga nyeusi nyuma yake. Alama ambayo haikuonekana mezani hujitokeza hapo.

Sahani ina utaratibu wake. Biskuti zina siagi, na chenga zake zikifutwa kwa kitambaa kibichi huacha mchirizi wa mafuta. Kwanza azipanguse kwa brashi ndogo, kavu na safi. Kisha achovye pamba ya masikio kwenye siki kidogo, afute ukingo wa sahani kuelekea nje, na kumalizia kwa kitambaa kikavu.

Juisi imiminwe mwisho. Ikiwa ya baridi sana, glasi hutoa jasho kwa nje, na kila anayeigusa huacha alama iliyo wazi zaidi. Kwa ajili ya picha, juisi isiyotoka kwenye friji inatosha.

Picha ya kwanza ikitoka na ukungu, asikimbilie kuosha glasi upya. Kama ukungu umeenea picha nzima na taa zinatoa michirizi, uchafu uko kwenye lenzi ya simu iliyoshikwa na watoto. Kama umekaa kwenye glasi peke yake, basi ni glasi.

Hata hivyo, chenga moja inaweza kuponyoka ikaonekana baada ya biskuti kuliwa. Hapo programu ya bure ya Snapseed inasaidia. Mama anafungua picha, anachagua Healing, anaikuza kwa vidole viwili mpaka chenga ionekane kubwa, kisha anaigusa mara moja. Programu huchukua rangi ya eneo la jirani na kuifunika chenga. Kwenye sehemu tupu ya sahani nyeupe, haibaki dalili yoyote.

Ugumu uko kwenye ukingo wa glasi, kwenye maua ya sahani au juu ya maandishi ya lebo. Hapo programu hukosa cha kuiga: mstari wa ukingo hupinda, ua hujirudia mara mbili, herufi hukatika. Akiona hivyo, arudishe hatua nyuma na kujaribu tena akiwa ameikuza picha zaidi. Ikishindikana mara mbili, ni afadhali kufuta glasi na kupiga picha upya. Kabla ya kuituma, airudishe picha kwenye ukubwa wake wa kawaida na kuitazama yote, kwa sababu doa la marekebisho huonekana vizuri zaidi kwa mbali.

Upo pia mpaka wa kile kinachofaa kufutwa. Chenga na alama ya kidole si sehemu ya bidhaa, kwa hiyo kuziondoa hakumdanganyi mtu. Ufa kwenye chupa, biskuti iliyoungua au mashapo ya tangawizi yaliyotuama chini ya juisi ni mambo ambayo mteja atayakuta mlangoni kwake. Chupa yenye ufa ibadilishwe, biskuti iliyoungua iondolewe kwenye sahani, na mashapo yaachwe yaonekane, kwani juisi halisi ya tangawizi ndivyo ilivyo.