Shauri la Jamaa na Karatasi ya Mgonjwa



Yako magonjwa ambayo waganga hujitahidi kuyaponya, tena kuna wakati ambapo ugonjwa umekwisha kupita mahali pa kuponyeka. Hapo kazi ya utabibu haikwishi, bali hugeuka. Sasa ni kazi ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na taabu, na kumsaidia kuishi siku alizo nazo kama apendavyo mwenyewe. Kazi hiyo siku hizi yaitwa tiba shufaa, na sehemu yake kubwa hufanywa nyumbani, kwa mikono ya binti, mume, mkwe na jirani. Leo twataka kueleza jambo moja tu la kazi hiyo, yaani jinsi ya kuyatwaa maneno yaliyosemwa katika shauri la jamaa na kuyapanga katika karatasi moja, ambayo mtu yeyote wa nyumba ile aweza kuifuata usiku wa manane.

Maana daftari ya shauri na karatasi ya kazi ni vitu viwili. Daftari hueleza nani alisema nini. Karatasi hueleza nani atafanya nini, saa ngapi, na kwamba jambo lile lisipofaa afanye nini tena. Nyumba nyingi zina daftari nzuri, nazo hudhani kwamba zina mpango.

Natutwae mfano, bila ya kutaja jina wala kijiji. Mama wa miaka 58, wa bara ya Tanzania, ana saratani ya mlango wa kizazi iliyokwisha kuenea. Hospitali iko mbali, mwendo wa saa mbili kwa pikipiki. Jamaa walikutana nyumbani pamoja na tabibu na mwuguzi, na mtoto wa pili, aliye mwalimu wa shule, akaandika hivi:

"Mama: kiuno chauma, usiku kuliko mchana. Damu kidogo kila siku. Harufu yamwaibisha, hataki wageni. Kaka: apelekwe Dar es Salaam tena. Mama: sitaki safari, nataka kuwa nyumbani. Shangazi: mofini ni dawa ya kufia, asipewe ila mwisho. Tabibu: mofini 5 kila saa nne. Mama: nataka kuketi kanisani siku ya kipaimara cha mjukuu wangu, wiki sita zijazo. Baba mdogo: nani atalipa pikipiki? Mwuguzi: mkojo ukipungua mniambie."

Kazi ya kwanza ya mwandishi ni kupiga mstari chini ya maneno ya mgonjwa mwenyewe, ili yasichanganyike na ya wengine. Kisha achukue karatasi safi, aigawe sehemu nne: Makusudi, Dalili, Matakwa, na Watu wa Kuitwa. Kila neno la daftari lipate mahali pake, hata lile lililoleta ubishi.

Makusudi yaandikwe kwanza, kwa kuwa ndiyo yanayoonyesha dalili ipi ishughulikiwe mbele ya nyingine. Mama huyu ametaja kusudi lake waziwazi, nalo ni kuketi kanisani siku ile. Basi tujiulize, ni nini kitakachomzuia? Maumivu yaweza kumzuia, lakini harufu itamzuia kwanza, maana ndiyo inayomfanya awakimbie watu. Kwa hiyo harufu, ambayo jamaa waliitaja kama jambo dogo, yapanda juu ya karatasi. Mwuguzi aliagiza aoshwe kila siku kwa maji safi ya vuguvugu, na vidonge vya metronidazoli visagwe viwe unga na kuwekwa mahali penyewe kama alivyoonyesha. Karatasi yasema: "Binti wa kwanza, kila siku saa 1 asubuhi. Harufu isipopungua baada ya siku 7, mwuguzi aambiwe."

Sasa maumivu. Daftari yasema "mofini 5 kila saa nne," na katika maneno hayo machache mna mitego miwili. Wa kwanza ni hiyo "5". Je, ni miligramu au mililita? Mofini ya maji hutengenezwa kwa nguvu mbalimbali. Katika chupa yenye miligramu 5 ndani ya kila mililita 5, hesabu hizo mbili ni sawa. Lakini katika chupa yenye miligramu 50 ndani ya mililita 5, kijiko kile kile ni dawa mara kumi. Basi karatasi iandike nguvu iliyo kwenye chupa, kipimo kwa miligramu na kwa mililita pia, na bomba la kupimia litiwe alama kwa wino. Kila chupa mpya ikija, isomwe upya kabla ya kufunguliwa.

Mtego wa pili ni wa lugha yetu wenyewe. "Kila saa nne" mmoja husikia kwamba ni baada ya kila muda wa saa nne. Mwingine husikia kwamba ni kila siku ifikapo saa nne. Aliyesikia hivi atampa mgonjwa dawa mara moja tu asubuhi, kisha atasema mofini haifai kitu. Kwa hiyo saa ziandikwe zote: saa 12 asubuhi, saa 4 asubuhi, saa 8 mchana, saa 12 jioni, na saa 4 usiku. Katika mpango huu tabibu aliagiza kipimo cha saa 4 usiku kiwe maradufu, yaani mililita 10 za chupa ile dhaifu, ili mama asiamshwe saa 8 usiku. Hivyo kwa siku nzima hupata miligramu 30.

Maumivu yakimpata katikati ya saa hizo, apewe kipimo kimoja cha ziada, miligramu 5, na kiandikwe papo hapo pamoja na saa yake. Maandishi haya si ya bure. Tabibu akiona kwamba jana vilitolewa vipimo vitatu vya ziada, atajumlisha 30 na 15, apate 45. Atagawa kwa 6, apate 7 na nusu. Hicho chaweza kuwa kipimo kipya. Bila ya maandishi hana la kuhesabu. Walakini kuongeza kipimo cha kila siku ni kazi yake yeye, si ya jamaa.

Mofini hufunga choo karibu kwa kila mtu, na shida hiyo haizoeleki. Basi dawa ya kulainisha choo, kama bisakodili usiku, iandikwe mstari uleule wa mofini, wala isingojewe mpaka choo kifunge. Kusinzia na kichefuchefu kwa siku mbili tatu za kwanza ni jambo la kawaida na hupungua.

Ndipo tulitazame neno la shangazi, ambaye hofu yake ni ya wengi. Alijibiwa kwamba mofini iliyopimwa vema kwa ajili ya maumivu haimwui mgonjwa, tena haingoji mwisho. Hutolewa maumivu yanapoihitaji. Lakini kuna hatari ya kweli, na mwuguzi aliitaja kwa maneno machache, "Mkojo ukipungua mniambie." Saratani hii yaweza kubana mirija ipelekayo mkojo kutoka katika mafigo. Mafigo yakishindwa, mabaki ya mofini hayatoki mwilini bali hulundikana, hata kipimo kilichofaa juzi chaweza kuzidi leo. Dalili zake ni mkojo haba, usingizi mwingi kuliko kawaida, na mikono kushtukashtuka. Zikionekana, mwuguzi aitwe siku ileile, wala kipimo kisiongezwe. Na mgonjwa akiwa haamki anapoitwa na kutikiswa, au akivuta pumzi chini ya 8 katika dakika moja, kipimo kinachofuata kisitolewe, na tabibu aitwe mara hiyo.

Katika sehemu ya Matakwa yaandikwe maneno ya mama kama alivyoyasema, pamoja na tarehe. "Sitaki safari, nataka kuwa nyumbani." Je, neno la kaka lifutwe? La. Tabibu alieleza kwamba mionzi, kama itolewavyo katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, yaweza kupunguza damu hata pale isipoponya. Kwa hiyo karatasi yasema: "Mama amesikia habari ya mionzi, amekataa safari. Ataulizwa tena damu ikizidi." Hapo kaka ameheshimiwa, na uamuzi umebaki kwa mwenye mwili wake. Tena mama alisema nani aitwe kumwombea, na nani asilale chumbani mwake. Mambo ya shamba na nyumba hayaingii hapa. Karatasi hii si wosia.

Watu wa Kuitwa wapangwe kwa jambo, si kwa cheo. Maumivu yasiyotulia baada ya vipimo viwili vya ziada, kutapika dawa, au siku tatu bila ya choo: mwuguzi, na asipopatikana, tabibu. Damu nyingi ya ghafula: mtu mmoja akae naye, amshike mkono na kumfunika kwa kitambaa cheusi kama kaniki, maana damu juu ya kitambaa cheupe humtisha mgonjwa na watoto; mtu wa pili apige simu. Kwa hiyo nguo hizo ziwekwe tayari chini ya kitanda tangu leo. Pumzi ikikata: kaka na mchungaji waitwe, wala asibebwe kwenda hospitali, kwa kuwa ndivyo alivyotaka.

Kila jina liwe na namba mbili za simu, kwa tarakimu kubwa. Iandikwe pia mahali simu inaposhika, maana nyumba ile haishiki ila karibu na mwembe. Liandikwe jina la mwenye pikipiki, na jibu la swali la baba mdogo: fedha ya safari mbili imewekwa kwa mke wa kaka, ndani ya kopo. Swali hilo lilionekana la uchoyo, kumbe lisipojibiwa mchana, hurudi usiku.

Karatasi ikiisha, mpeni aisome mtu ambaye hakuwapo katika shauri, kisha mmwulize, "Mama akilia kwa maumivu saa 7 usiku, utafanya nini?" Akisita, mahali hapo hapajaandikwa vema. Chini kabisa itiwe tarehe ya kuitazama tena, isipite siku 7, au mapema zaidi ikiwa kipimo kimebadilika. Na siku karatasi mpya inapobandikwa ukutani, ile ya zamani ibanduliwe, mgonjwa asipewe leo dawa ya juma lililopita.