Swali lililowaangusha wanafunzi bora

Tuseme wanafunzi 100 wa shule za kata moja wamefanya mtihani wa majaribio wa Sayansi na Teknolojia wa Darasa la Saba. Swali mojawapo linauliza: "Mimea huvuta hewa gani?" Machaguo ni A oksijeni, B naitrojeni, C kabonidayoksaidi na D haidrojeni. Mwongozo wa kusahihishia unataka C. Karatasi zikisahihishwa, karibu nusu ya watoto wamelipata, na mwalimu anaridhika kwamba swali si jepesi mno wala si gumu mno. Kumbe hilo ndilo swali bovu kuliko yote katika mtihani huo, na hesabu ya kalamu na karatasi inatosha kulifichua.

Kazi inaanza baada ya kusahihisha. Karatasi zinapangwa kuanzia alama ya juu hadi ya chini, kisha zinachukuliwa 27 za juu kabisa na 27 za chini kabisa. Asilimia 27 imezoeleka tangu mwaka 1939, Truman Kelley alipoonyesha kwamba kiasi hicho kinayatenganisha makundi mawili vizuri bila kuyafanya madogo mno. Karatasi 46 za katikati zinawekwa kando. Halafu, kwa kila swali, mwalimu anahesabu ni wangapi wa kundi la juu na wangapi wa kundi la chini waliochagua A, B, C na D. Asihesabu waliopata tu. Waliokosa wana habari nyingi zaidi ya kumpa, kama tutakavyoona.

Kutokana na hesabu hiyo zinapatikana namba mbili. Ya kwanza ni kiwango cha ugumu: waliopata katika makundi yote mawili, gawanya kwa 54. Jina lake linaweza kupotosha, kwa kuwa namba ikiwa kubwa ndivyo swali lilivyo jepesi. Ya pili ni kiwango cha upambanuzi: waliopata wa juu, toa waliopata wa chini, gawanya kwa 27. Hiyo ndiyo inayoonyesha kama swali linamtenga anayejua na asiyejua.

Chukua swali linalouliza kwa nini mapigo ya moyo huongezeka mtu anapokimbia. Kundi la juu wamelipata 22, la chini 9. Ugumu ni 31 ÷ 54, yaani 0.57. Upambanuzi ni 13 ÷ 27, yaani 0.48. Kwa mizani ya Robert Ebel, ambayo walimu wengi huifuata, upambanuzi wa 0.40 na kuendelea ni mzuri sana, kati ya 0.30 na 0.39 unafaa, kati ya 0.20 na 0.29 swali linahitaji kurekebishwa, na chini ya hapo ni la kuondolewa au kuandikwa upya. Swali la moyo linabaki.

Sasa turudi kwenye mimea. Waliochagua C ni 10 wa kundi la juu na 17 wa kundi la chini. Ugumu ni 27 ÷ 54, yaani 0.50, lakini upambanuzi ni 10 toa 17, gawanya kwa 27: hasi 0.26. Wanaofanya vibaya mtihani mzima wamewashinda wanaofanya vizuri. Namba hasi namna hii huwa na sababu moja kati ya chache: jibu limekosewa kwenye mwongozo, swali lina majibu mawili, au maneno yake yanamnasa anayefikiri zaidi. Ipi kati ya hizo, tunaambiwa na waliokosa. Katika kundi la juu, 15 wamechagua A, oksijeni. Mmoja amechagua B na mwingine D. Hao 15 hawakubahatisha. Wamefundishwa kwamba mimea nayo hupumua, usiku na mchana, na katika kupumua hutumia oksijeni. Wale 17 wa chini wamekumbuka tu kwamba mimea inahusiana na kabonidayoksaidi.

Hapo mwalimu huona haya, na huruma humtuma akubali A na C zote. Ajaribu hesabu kwanza. Kundi la chini waliochagua A ni 5, kwa hiyo waliopata watakuwa 25 juu na 22 chini, na upambanuzi utapanda hadi 0.11 tu. Swali halimuumizi tena mtoto anayejua, ila halipimi kitu. Ningeliondoa kwenye alama, na mtihani ujao ningeuliza: "Mimea hutumia hewa gani kutengeneza chakula?" Swali likishaondolewa, jumla za watoto zinabadilika, na huenda hata waliomo katika makundi mawili wakabadilika. Kwa hiyo maswali yenye namba za mpakani yapigiwe hesabu upya kabla ya kuhukumiwa.

Kuondoa kwa kutazama namba peke yake, hata hivyo, ni hatari kubwa kuliko kuacha swali bovu. Katika mtihani huohuo, swali la mdudu anayeeneza malaria limepatwa na 27 wa juu na 25 wa chini. Upambanuzi wake ni 0.07, na kwa mizani ya Ebel lingetupwa. Mimi nisingelitupa. Karibu kila mtoto analijua jibu, na hilo ndilo lililokuwa lengo la somo. Swali jepesi kiasi hicho haliwezi kupambanua kwa sababu hakuna wa kumtenga. Ukiondoa yote ya aina hiyo, mtihani utabaki na mada ngumu tu, na muhtasari wa somo hautapimwa tena.

Swali la kupatwa kwa mwezi lina namba zinazofanana na hizo, lakini habari yake ni nyingine. Wamelipata 6 wa juu na 5 wa chini, ugumu 0.20, upambanuzi 0.04. Machaguo yakiwa manne, hata anayebahatisha hutarajiwa kupata robo, yaani 0.25. Wakiwa chini ya hapo, kuna kitu kinachowavuta. Kati ya 27 wa juu, 17 wamechagua kipotoshi kinachosema mwezi huwa kati ya jua na dunia, ambako ni kupatwa kwa jua. Mwongozo uko sahihi na swali liko wazi. Wengi wameyachanganya matukio mawili, wenye uwezo pamoja nao. Liondolewe kwenye alama ukitaka, lakini mada ifundishwe upya. Taarifa za Baraza la Mitihani la Tanzania za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa hufanya kazi hiyohiyo kwa ngazi ya taifa: huonyesha asilimia ya waliopata na kueleza kwa nini wengine walivutiwa na kipotoshi fulani.

Kuna mpaka mwingine wa kuheshimu. Kwa wanafunzi 100, mtoto mmoja akibadili jibu, upambanuzi unasogea kwa takriban 0.04. Kwa darasa la watoto 40, kila kundi lina 11, na mtoto huyo mmoja anausogeza kwa 0.09. Swali linaweza kutoka "linafaa" hadi "lirekebishwe" kwa sababu mtoto mmoja hakulala vizuri. Ndiyo maana darasa dogo halitoshi kuhukumu swali kwa mtihani mmoja, isipokuwa namba ikiwa hasi waziwazi. Mwalimu mwenye darasa kama hilo aandike kila swali kwenye kadi yake, pamoja na tarehe, namba mbili na idadi ya waliochagua kila jibu, kisha alitumie tena kwa darasa la mwaka unaofuata na kuzijumlisha idadi hizo. Baada ya madarasa matatu atakuwa na watoto 120.