Kutoka RTF hadi Word: nini kinabaki?

Ukiwa na LibreOffice, amri moja hugeuza faili:

```
soffice --headless --convert-to docx ripoti.rtf
```

Kazi halisi ni ukaguzi. Fungua ripoti.docx kwenye Word, bofya kila kichwa, utazame orodha ya mitindo. Kikionyesha Normal badala ya Heading 1, hayo ni maandishi yaliyokolezwa tu, na orodha ya yaliyomo haitakiona.

Majedwali yanadai jicho kali zaidi. RTF huandika jedwali mstari kwa mstari, kila seli ikiwa na kipimo cha ukingo wake wa kulia. Seli zilizounganishwa ndizo hatarini zaidi.

Picha zilizohifadhiwa ndani ya faili kwa kawaida husalimika. Iliyounganishwa kwa anwani ya folda huenda isionekane kwenye kompyuta nyingine.